Asante au ahsante? H iliyokwama kati ya koo na kalamu

"Nafundisha Kiswahili darasa la tano mkoani Morogoro. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliandika 'ahsante' kwenye barua, nikaikata kwa wino mwekundu na kuandika 'asante'. Mama yake, mwenyeji wa Pemba, akaja shuleni kuniambia mimi ndiye niliyekosea: neno ni la Kiarabu, lina h, na asiyeitamka hajui Kiswahili. Mwalimu mwenzangu naye anasema 'ahsante' ni Kiarabu kitupu, hakina nafasi darasani. Nani yuko sahihi? Na hii h inaingia na kutoka kwa utaratibu gani, maana ukisema rehema inasikika na ukisema asante haipo?"

Mwalimu, kwanza mrudishie mtoto alama yake. Makamusi ya Kiswahili yanazitambua tahajia zote mbili, kwa hiyo hakukuwa na kosa la kukata. Mama mtu naye amezidisha kidogo. Ana haki ya kuitetea h ya kwao, ila kusema kwamba asiyeitamka hajui Kiswahili ni kuwafuta mamilioni ya watu ambao tangu wazaliwe wamesema asante, wakaelewana, wakapewa na chenji yao. Huyo mwenzako wa ofisini ndiye aliye mbali zaidi na ukweli, na ningependa nianze naye.

Kwa Kiarabu neno ni ahsanta, yaani "umefanya vyema". Ni kitenzi kamili, kina mtendaji ndani yake, na mtendaji huyo ni mwanamume mmoja. Ukimsifu mwanamke unasema ahsanti. Ukiwasifu wengi unasema ahsantum. Hadi leo Mwarabu akikuambia hivyo anakupongeza, kama sisi tunavyosema "hongera" au "umefanya la maana". Akitaka kukushukuru atasema shukran, neno ambalo nalo tumelichukua tukalifanya shukrani. Kwetu pongezi ikageuka kuwa shukrani, jambo ambalo si la ajabu, kwa kuwa aliyeletewa maji ya kunywa akisema "umefanya vyema" amekwisha shukuru.

Sasa msikilize yule mama wa Pemba anapowashukuru wageni waliokuja kumsaidia arusini. Atasema "ahsanteni". Hapo ameitamka h yake vizuri kabisa, kisha akabandika -ni ileile ya karibuni na kwaherini. Hakusema ahsantum. Na akimshukuru dada yake hasemi ahsanti. Anasema ahsante, kama anavyomwambia kaka yake. Neno linalokubali -ni na kusahau jinsia limekwisha hamia, limejenga na kupiga bati. Ahsante yenye h ni Kiswahili sawasawa na asante isiyo nayo. Mbili hizi zinatofautiana kwa jinsi zilivyomaliza safari.

Safari yenyewe inaeleweka vizuri zaidi ukiwa na darasa lako mbele yako. Waambie watoto wapige makofi kwa silabi. Ki-ta-bu, makofi matatu. Me-za, mawili. Kila kofi linaishia kwenye irabu, na ndivyo silabi ya Kiswahili inavyopenda kuwa: mlango wazi upande wa nyuma. Kiarabu hakina shida na mlango uliofungwa. Ahsanta kwao inakatwa ah-san-ta, na ile h ndiyo kitasa cha silabi ya kwanza. N ya katikati haikutusumbua, kwa sababu tuna mazoea ya nt katika maneno yetu, tukaiunga na te tukapata a-sa-nte. Lakini h iliyofuatwa na s ilitushika pabaya. Kiswahili hakina neno lake la asili lenye hs katikati.

Msemaji wa Kiswahili aliyekutana na h ya namna hii alikuwa na njia kadhaa, na njia iliyopendwa kuliko zote ni kuipa h irabu ya kusimamia. Rahma ya Waarabu ni rah-ma, tukaifanya re-he-ma. Lahja ikawa lahaja. Tuhma ikawa tuhuma, rukhsa ikawa ruhusa, mahkama ikawa mahakama. Bahr, sahn na sihr zilipewa irabu mbili kila moja, moja ya katikati na moja ya mwisho, zikawa bahari, sahani na sihiri. Angalia irabu iliyoingizwa: la-ha, tu-hu, si-hi, ru-hu, ba-ha, re-he. Inafanana na ile iliyotangulia. Sababu ni kwamba h haina mahali pake mdomoni. Ukitamka t ulimi unagonga ufizi, ukitamka b midomo inafumbana, lakini h ni pumzi tu inayopita kooni, na ulimi unabaki palepale ulipokuwa kwenye irabu ya kwanza. Ukiachia sauti tena, irabu ileile inatoka.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini h ya rehema inasikika, jibu ni kwamba ilipewa kiti. Tena kiti chenyewe ni cha mbele: mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na katika re-HE-ma, la-HA-ja, tu-HU-ma, silabi hiyo ni ya h. Huwezi kuimeza silabi yenye mkazo.

Ahsante ingekuwa na bahati hiyo ingekuwa ahasante, na wapo watu wanaoitamka hivyo wakisema polepole. Lakini mkazo wa neno hili uko kwenye sa, na h iko nyuma yake, kwenye silabi dhaifu ya mwanzo. Najua utaniletea mahakama, ambayo nayo ina h kabla ya mkazo na haijaidondosha. Ni kweli, na sitakudanganya kwamba mkazo peke yake unatosha kueleza. Nadhani kilichoongeza uzito ni kazi ya neno. Mahakama hutajwa kwa utulivu, na siku ukiitaja kwa haraka una matatizo mengine. Asante husemwa ukishuka daladala, ukipokea chenji, ukiwa umegeuza mgongo. Maneno ya adabu husagika kuliko mengine. Tazama sabalkheri: Waarabu husema sabah al-kheir, na humo h ya sabah imekwenda kabisa, sisi tukabaki na sabal. Hakuna mtu aliyewahi kumjia mwalimu shuleni kudai h hiyo. Na ukiitafuta utaikuta salama kwenye asubuhi, neno la ukoo huohuo, ambako ilipewa irabu na kukaa.

Hapo nimekuonyesha kipimo kimoja ambacho mimi hukitumia kila siku kazini. Ukitaka kujua kama neno lililotoka Kiarabuni lilikuwa na h, usikimbilie kamusi la Kiarabu; tafuta kwanza ndugu zake waliomo ndani ya Kiswahili. Asante ni ya ukoo wa h-s-n, ukoo wa wema na uzuri. Ndugu zake ni jina Hasani, jina Muhsini, na neno hisani, lile la "kwa hisani ya" unaloliona chini ya picha za magazeti. Wote wana h. Kwa hiyo h ya ahsante si pambo la watu wa visiwani wala si kuringa. Ilikuwepo tangu mwanzo, na aliyeiacha ndiye aliyepunguza.

Hisani yenyewe ina kisa kizuri. Kwa Kiarabu ni ihsan, yenye h ileile iliyofunga silabi na s ileile mbele yake. Yaani tatizo ni lilelile la ahsanta. Ila hapa Kiswahili kilifanya kinyume: h ikabaki ikapata irabu, na i ya mwanzo ikaanguka. Hitilafu na hitaji zilipita njia hiyohiyo, kutoka ikhtilaf na ihtaj. Kwa hiyo ndani ya ukoo mmoja una asante iliyopoteza h na kubakiza irabu ya mbele, na hisani iliyopoteza irabu ya mbele na kubakiza h. Ukitafuta sheria moja isiyo na mwanya utachoka. Kuna mielekeo, na kila neno lina historia yake.

Njia ya tatu ni kuiacha h ilivyo na kujifunza kuitamka ikiwa imefunga silabi. Hiyo ndiyo njia ya ahsante, na pia ya muhtasari na mahsusi. Maneno haya yalishikwa na watu waliosoma, waliokuwa na Kiarabu cha chuoni masikioni, na walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hizi tunazotumia sasa. Kwenye maandishi yale h ya ahsante ilikuwa na herufi yake na alama juu yake ya kuonyesha haina irabu, hivyo mwandishi hakuweza kuisahau. Hata hivyo ulimi haukukubali wote: mahsusi ina pacha wake mahususi, na muhtasari utawasikia wengi wakisema muhutasari hata katika ofisi za serikali. Ulimi unarudi kwenye makofi yake.

Na iko njia ya nne, ambayo watu wa Tanzania na Kenya wengi huicheka bila kujua inatoka wapi. Nenda Bukavu au Goma, utashukuriwa kwa "aksanti". Pale h ya kooni iligeuka k. Si matamshi ya mtu asiyejua. Ni njia nyingine ya kuitunza sauti iliyokuwa ikisumbua, kwa kuikaza badala ya kuilegeza. Kwa maana moja, aksanti ya Kongo imehifadhi alama ya ile h kuliko asante ya Morogoro.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kudhani h ni moja. Kiarabu kina tatu ambazo sisi tunazisikia kama familia moja. Iko h ya kooni, inayobanwa, ya jina Hasan. Iko h nyepesi ya pumzi tu, ya Harun. Na iko kh ya kukwaruza, ya Khamis. Sisi tunaandika Hasani, Haruni, Hamisi, kwa h moja. Mbili za kwanza tahajia yetu haizitofautishi kabisa. Ya tatu inaruhusiwa kubaki kh kwa anayetaka, ndiyo maana una heri na kheri, Alhamisi na Alkhamisi, na zote zinaeleweka. Lakini habari, hatari, hofu na hasara, ambazo zote zilikuja na kh, zimekwisha tulia kwenye h, na mtu akikuandikia "khatari" kwenye kibao cha umeme utadhani ni mashairi. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaojaribu kuonyesha ujuzi kwa kuandika "akhsante". Hiyo imepotea njia. H ya ahsanta ni ya Hasan, ile ya kooni, haikuwa kh hata siku moja.

Sasa nije kwenye kosa la kweli, ambalo ningefurahi wino wako mwekundu ungelishughulikia: "hasante". Utaliona sana kwenye ujumbe wa simu. Mwandishi anahisi kuna h mahali fulani katika neno, anaiweka mbele. Lakini neno la Kiarabu linaanza na irabu. H inakuja baada ya a. Ukiitaka h, nafasi yake ni moja tu. (Ndiyo, hisani ilianza kwa irabu na leo inaanza kwa h, lakini hiyo imekubalika na watumiaji wote na hasante haijakubalika, lugha haigawi haki sawa.)

Hasante ni dalili ya ugonjwa mpana zaidi, na kwa mwalimu huu ndio wenye faida ya kuutibu. Watu ambao lugha zao za nyumbani hazina h, au zina h inayofanya kazi tofauti, huidondosha katika Kiswahili: apa, ivyo, uyu, abari. Wakishakosolewa mara kadhaa wanaanza kuogopa, na woga huo unawafanya waongeze h pasipo na h: hajira badala ya ajira, haina badala ya aina. Hapo maana inaharibika. "Hajali barabarani" ni mtu asiyejali, "ajali barabarani" ni gari limepinduka. "Haina ya nyumba" haieleweki kabisa. Hadimu ni mtumishi na adimu ni kitu kisichopatikana kirahisi.

Kwa maneno ya Kiarabu yapo maelezo yanayosaidia. Kiarabu kina sauti nyingine ya kooni, isiyo h, ambayo sisi hatuna, na tuliiacha ikaanguka yote. Ndiyo iliyoanza maneno akili, asali, elimu, ajabu, adui na adimu. Kwa kuwa iliondoka bila kuacha h, maneno hayo yanaanza na irabu tupu. Mtoto hahitaji kujua Kiarabu ili kufaidika na hilo. Mfundishe hayo sita kama kundi la "maneno yasiyo na h mbele", na asante iwe ya saba.

Kuhusu darasa lako, mimi ningefanya hivi. Ningezikubali asante na ahsante zote mbili katika barua na insha, na ningekata alama kwa hasante na akhsante. Ningemkosoa pia mtoto aliyeandika asante aya ya kwanza na ahsante aya ya tatu, si kwa sababu moja ni mbaya, bali kwa sababu msomaji atadhani kuna tofauti anayotakiwa kuiona. Utaambiwa na watu kwamba ahsante ina heshima zaidi na asante ni ya kawaida. Haina ukweli kwa jumla, ingawa ni kweli kwamba maandishi rasmi hapa Tanzania yanaipenda h: soma taarifa rasmi za mijadala ya Bunge na utakuta "Mheshimiwa Spika, ahsante sana" tena na tena. Kenya utakutana zaidi na asante. Wala Kiswahili Sanifu hakiwezi kumhukumu yule mama. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, kwa hiyo h inayotamkwa visiwani ina nasaba nzuri kuliko wino wako.

Niliwahi kuhariri kitabu cha hadithi za watoto ambamo bibi mmoja wa Unguja alisema ahsante kwenye ukurasa wa 12 na asante kwenye ukurasa wa 13. Mwandishi hakukusudia chochote, vidole tu. Tulibishana nusu siku, kisha tukaamua bibi aseme ahsante kitabu kizima na mjukuu wake aliyekulia Dar es Salaam aseme asante. Watoto walioupitia mswada waliligundua jambo hilo bila kuambiwa. Hilo linawezekana kwa sababu tahajia zote mbili ni sahihi. Neno lenye sura moja lisingetupa nafasi hiyo.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi kama hili halitayamaliza. Kama suala lenu ni la usahihishaji wa mtihani, zungumza na mthibiti ubora wa shule wa wilaya kabla hujatoa uamuzi kwa shule nzima, kwa sababu wasahihishaji hufuata mwongozo waliopewa na si maoni yangu. Kama mnahitaji tamko la kitaasisi, BAKITA wapo Dar es Salaam na BAKIZA wapo Zanzibar, na kujibu maswali ya namna hii ni sehemu ya kazi yao. Kama unataka kuzisikia zile h tatu, maelezo yangu ya koo na pumzi hayatoshi: mwombe mwalimu wa madrasa aliye jirani akutamkie Hasan, Harun na Khamis polepole, mkiwa mmekaa ana kwa ana, umtazame na koo lake. Dakika tano zitatosha.

Na majina uyaache. Rahma na Rehema ni neno moja lililopita njia mbili, ila Rahma aliyeko kwenye daftari lako la mahudhurio asije akawa Rehema kwa sababu umesoma makala hii. Jina likishatofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na usajili wa mtihani, mzazi ataanza kuzunguka RITA na kwa wakili kutafuta hati ya kiapo, na herufi moja inakuwa nauli ya wiki nzima. Ukikuta tofauti kama hiyo, mwite mzazi mapema aje na cheti chenyewe, mfuate kilichoandikwa humo.

Jumatatu waandikie ubaoni rehema, lahaja, tuhuma na asante, wapige makofi. Mmoja atauliza h ya asante imekwenda wapi. Muulize yule wa barua yenye wino mwekundu amjibu.